Saa Moja Bila Kifua

Mwana wa dada yangu alizaliwa wa miezi saba, katika joto la wakati wa tende kuiva, joto la Ibra, huku Omani, ambalo ukigusa kitasa cha gari unaunguza vidole. Unyayo wake haukuzidi kidole changu cha shahada. Mimi sikuogopa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule nimeiacha zamani, na kila kitu kidogo nilikiona kizuri. Nikamwangalia kwenye lile sanduku la kioo la hospitali, nikasema moyoni, huyu atakuwa rubani.

Masanduku yalikuwa mawili, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa watatu. Wetu alipokwisha kutulia pumzi na kujua kumeza, nesi akamwita dada. Nesi mwenyewe mwenzetu, kakulia Unguja, anasema Kiswahili cha kwetu.

"Utakwenda naye nyumbani," alisema. "Sanduku lake sasa ni wewe."

Akatuonyesha. Mtoto avuliwe nguo zote, abaki na nepi, kofia na soksi. Asimamishwe katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu ikunjwe kama ya chura. Kichwa kigeuzwe upande, kidevu kisizame kifuani, pumzi isije ikabanwa. Kisha kanga ifungwe barabara mpaka usawa wa sikio. Mchana hivyo hivyo, na kulala hivyo hivyo, mama kaegemea mito. Asikogeshwe. Kila saa mbili anyonye, na akishindwa, maziwa ya mama yakamuliwe kwenye finjani iliyochemshwa, ile ndogo ya kahawa, aguswe mdomo na ukingo wake, alambe mwenyewe. Asimiminiwe.

"Na mukipapasa nyayo zikawa za baridi, musikae mukatazamana," alisema. "Mrudisheni kifuani, muje hapa."

Mama yangu akauliza, "Na mama mtu akichoka?"

"Kifua chochote chenye afya kinafaa. Hata cha baba yake."

Shemeji yangu aliposikia hivyo akatoka nje, eti kutazama upepo wa magurudumu. Tukacheka mpaka nesi akatunyamazisha.

Zamu ya pili ikawa yangu. Dada akienda kuoga au kusali au akizidiwa na usingizi, mimi namfunga mtoto chini ya gauni langu. Jirani mmoja akinichokoza, "Wewe umezaa kabla ya ndoa, utatutia aibu!" Mimi namjibu, "Huyu si mtoto, huyu ni moyo wangu umetoka kwenda matembezi." Nilikuwa nikimsimulia habari za mawingu na Maskati na bahari ya Sur, na yeye anakoroma kidogo kama paka. Jasho letu lilichanganyika. Sijapata kujiona mtu wa maana kama siku zile.

Siku ya tisa nyumbani walikuja wageni kutoka Nizwa. Walikuja kumwangalia mzazi, ndivyo walivyosema, lakini mama yake kijana mmoja wa ofisini kwa shemeji, anayetafutiwa mke, alikuwamo, na Mama alijua, na mimi nilijua. Dada alikuwa amekesha siku mbili, amelala chumba cha ndani kama maiti. Mtoto alikuwa kwangu.

Mama akaniingilia jikoni. "We mwana, utatoka hivyo mbele ya watu? Kifua kimefura, gauni limelowa? Watasema nini?"

"Mama, nesi kasema..."

"Nesi kasema asipate baridi. Katika joto hili baridi ataipata wapi? Mtoto mwenyewe anatokota kwa jasho. Mpumzishe naye kidogo. Saa moja tu."

Mama hakuwa mtu mbaya. Alilea watoto sita, Unguja na hapa, na hakumzika hata mmoja. Na mimi, niseme kweli, nilikuwa na gauni jipya la rangi ya waridi, na nilitaka kuonekana nimelivaa.

Nikamfungua. Nikamzungushia shuka, nikamlaza juu ya godoro katika chumba cha wageni wa kiume, maana hakukuwa na wageni wanaume siku hiyo, na ndicho chumba chenye kiyoyozi kipya. Mama alikuwa amekiwasha tangu asubuhi. Mgongo wa mtoto ulikuwa umelowa jasho langu. Sikumfuta. Nilidhani namfanyia hisani.

Nikamimina kahawa, nikapitisha halua. Mama wa kijana akaniuliza kama najua kupika mandazi, nikasema najua, wakacheka, nikacheka. Mazungumzo yakanoga. Dada alipoamka, akapita sebuleni na kanga begani, akatazama kifua changu.

"Yuko wapi?"

Nilikimbia chumbani. Alikuwa kama nilivyomwacha, hajalia hata mara moja, na ndiyo maana sikumsikia. Nyayo zake zilikuwa za baridi kama finjani iliyosahauliwa. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Nikamwita, hakufungua macho. Dada alikuja mbio nyuma yangu, na wageni wakamfuata. Alilivuta gauni lake mbele ya wageni wote, likapasuka mpaka kiunoni, akamtia mtoto kifuani, akamfunika na kanga mbili.

"Gari," alisema, na shemeji aliyekuwa uani akakimbilia funguo.

Njia nzima kwenye pikapu alikuwa akimpapasa mgongo, akimwambia, "Vuta pumzi baba, vuta." Kitone cha maziwa alichomtia mdomoni kilitoka pembeni. Shemeji alikuwa akiendesha na machozi yanamtoka, hayafuti.

Nesi alimpokea, akauliza, "Nani aliyemtoa kifuani?"

Mama akatazama chini. Nikasema, "Mimi."

Akakaa hospitali siku sita, na mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa. Siku mbili za mwanzo pumzi yake ilikuwa ikisita, tunahesabu, kisha inarudi. Mama alikaa kwenye benchi la ukumbini na tasbihi, hali wala hanywi. Wageni wa Nizwa hawakurudi, wala sikuwaulizia.

Alipona. Nasema alipona maana alirudi nyumbani, na kila wiki mizani ya zahanati ilipanda. Lakini dada hakumpa mtu tena. Alikula naye, alisali kwa kukaa naye, alilala ameegemea ukuta mpaka mgongo ukamkatalia kunyooka. Nesi alimwambia atajiua. Ndipo shemeji, yule mwenye haya, alipovua kanzu yake mchana kweupe, akakaa juu ya mkeka akasema, "Nipe mwanangu." Akampa. Mimi nikipita mlangoni, dada alikuwa akivuta kanga imfunike mtoto zaidi, kana kwamba mimi ndiye ule upepo wa kiyoyozi.

Kazi yangu ikawa kuchemsha finjani. Nilizichemsha vizuri sana.

Ikafika siku mtoto akaanza kukataa. Anapiga mateke, anajisukuma, anatoa mkono nje ya kanga. Nesi akafurahi, akasema ndiyo dalili, amekua, sasa anahisi joto, avishwe nguo alazwe kama watoto wengine. Mama akaleta fulana ndogo nyeupe. Dada akamvisha, akamweka kitandani baina yetu, mtoto ananyanyua miguu iliyonona.

Nikanyoosha mikono, nikasema, "Dada, nimbebe kidogo?"

Akaivuta fulana ya mtoto ikae sawa.

"Kanawe kwanza," alisema.

Nikaenda nikanawa kwa sabuni, mpaka viwiko. Niliporudi, fulana ilikuwa kitandani, na dada alikuwa keshamfunga tena kifuani, mtoto analia kwa joto, anapiga mateke.