Sketi ya Kwenda Mokambo

Mimi na shangazi yangu ni mafundi wa kushona, Kamalondo. Alipobuni sketi ya ndani yenye mfuko wa siri wa zipu, kwa akina mama wanaokwenda kununua bidhaa mpakani, Mokambo, nilipanga bei kama tulivyozoea: kitambaa, zipu, uzi na kazi, faranga elfu sita, na faida elfu mbili juu yake. Wiki ya kwanza tuliuza kumi.

Wiki ya pili shangazi akasema elfu kumi na sita. Nilikasirika. Blauzi zetu, tukiongeza elfu moja tu, wateja wanahamia kwa jirani!

“Blauzi iko kwa kila fundi,” akasema. “Hii iko kwetu tu. Weye ulihesabu uzi. Miye niliuliza bale bamama: falanga yote ikiibiwa mu njia, munarudia na nini?”

Wiki hiyo tuliuza tisa. Bei mara mbili, na tumepoteza mteja mmoja tu! Mnunuzi wa mwisho aliingiza mkono mfukoni, akafunga zipu, akafungua tena, akalipa. Nimeshona miaka ishirini Kamalondo. Sikuwa nimeona mtu akilipa bila kubishana bei.