Jina la Prof Lilitangulia

Niliamua kuandika tasnifu ya makala kwa sababu ya uvivu, na sioni haya kulisema. Nilikuwa na makala manne yaliyochapishwa kwenye majarida, yote kuhusu mbuzi wa maziwa wa Gatuanyaga na kile wanachokula mvua ikikataa kunyesha. Chuo chetu, kule upande wa Thika, kiliruhusu njia mbili za kupata udaktari. Ya kwanza ni ile ya wazee: kitabu kimoja kizima, sura kwa sura, hoja moja toka mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni kukusanya makala yako ambayo wahakiki wa majarida wamekwisha kuyachambua, uyaandikie utangulizi na hitimisho vya kuyaunganisha, basi. Kwa akili yangu, ya pili ilikuwa kazi ya wiki mbili na stepla.

Msimamizi wangu, ambaye sote tulimwita Prof tu, alinisikiliza huku akimenya ndizi. Alikuwa mzee mpole, mkulima wa kahawa siku za Jumamosi, na hajawahi kunipandishia sauti.

"Hiii! Usidhani watahini watalala kwa sababu jarida lilikubali," akasema. "Mtahini wa makala anakuuliza: hizi paper zinaongea pamoja, ama ni watu tu wamekutana kwa stage ya matatu? Halafu anakuuliza wewe ulifanya nini, na hao wengine wenye majina hapo walifanya nini. Na anaweza kukosoa hata kitu kimeshachapishwa."

"Na wa kitabu, Prof?"

"Huyo anataka kuona umesoma kila kitu. Na njia ulifanya kazi aione yote, mpaka yeye mwenyewe akitaka aende Gatuanyaga arudie."

Mimi nikasikia neno moja tu: makala. Nilibakisha miezi mitano usajili wangu uishe. Ukiisha kabla sijawasilisha, miaka sita yangu ilikuwa imekwenda na maji, na ofisi ya uzamili na uzamivu ilikwisha kuniandikia kwamba haitaniongeza hata siku moja.

Basi nikaenda ofisini na fomu yangu. Mama aliyekaa pale alikuwa wa makamo, miwani imening'inia kifuani, na sifa yake ni kwamba hajawahi kupoteza faili wala kucheka. Akapitisha kalamu kwenye orodha ya makala yangu.

"Kanuni inataka tatu ambazo wewe ndiye mwandishi wa kwanza," akasema. "Hapa naona mbili. Hizi zingine ni za Prof."

"Ni zangu, mama. Zote nimeandika mimi."

"Jina la kwanza ni la nani?"

"La Prof."

"Haya." Akanirudishia fomu.

Hapa lazima nijieleze, ingawa nikijieleza naonekana mjinga zaidi. Kwetu magharibi, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee. Hata kama wewe ndiye uliyemfuga, ukamkimbiza, ukamnyonyoa, firigisi hugusi. Nilipomaliza makala yangu ya kwanza, niliona itakuwa utovu wa adabu jina langu litangulie la mtu wa umri wa baba yangu. Nikaliweka lake mbele. Ya pili vilevile. Ni baadaye mwanafunzi mwenzangu aliponicheka ndipo nikajifunza kwamba jina la mbele halina adabu yoyote ndani yake. Ni la aliyefanya kazi. Ya tatu na ya nne nikajiweka mbele, nikijiona mtu wa kiburi sana.

Nilirudi kwa Prof nikiwa nimevimba kwa hasira, hasira yangu mwenyewe dhidi yangu mwenyewe. Nikamuuliza kama jarida linaweza kugeuza majina. Akaikunja ile fomu mara mbili, akanirudishia.

"Ikishachapishwa, imechapishwa," akasema. "Andika kitabu."

Nikaandika kitabu. Nyumba yetu ya Gatongora ina meza moja, na kwa miezi minne familia ilikula imeshika sahani mkononi. Niligundua jinsi makala yalivyonidekeza. Kwenye jarida niliandika sentensi moja, kwamba wafugaji walichaguliwa kwa nasibu, na hakuna aliyeniuliza. Kitabu kilitaka kujua kwa nasibu gani. Ikabidi nikiri kwamba mfugaji wa kumi na saba alinifungulia mbwa akidhani nimetumwa na kaunti, nikamchukua jirani yake. Kwenye jarida nilipitia maandishi ya wengine kwa aya tatu. Kitabu kilitaka mbuzi wa dunia nzima.

Nilirudi hata Gatuanyaga kuhakikisha vipimo vya malisho. Mama mmoja niliyemhoji miaka minne nyuma alinitazama kwa huruma.

"Ngai! Bado unasomea yule mbuzi? Si tulimkula Krismasi."

Niliwasilisha zikiwa zimebaki siku nne. Mbele ya kitabu nikaweka tamko, kama inavyotakiwa, kwamba sehemu za sura ya tatu hadi ya sita zilikwisha kuchapishwa, na wapi. Nikadhani nimemaliza mambo ya majina.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alianza kwa kusifu sura ya mbinu, akasema hata mbwa amemwona. Watu wakacheka, nami nikaanza kupumua. Kisha akafungua ukurasa wa tamko.

"Sura ya tatu na ya nne zimetoka kwenye makala mawili," akasema. "Mwandishi wake wa kwanza ni msimamizi wako. Naomba unieleze: hapa ninatahini kazi ya nani?"

Lile swali la tasnifu ya makala, nililodhani nimelikimbia, lilikuwa limenifuata mpaka ndani ya kitabu. Nikafungua mdomo. Ningesemaje, mzee ameketi pale, mbele ya wenzake wote? Nikasema kwamba tulishirikiana. Sauti yangu ilitoka ya mtu aliyekamatwa.

Msimamizi hasemi kitu kwenye kikao kile mpaka aulizwe. Mwenyekiti akamgeukia Prof. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kwa hizo paper mbili," akasema, "mimi nilisahihisha koma. Sijawahi kuhesabu hata mbuzi mmoja. Niliona ameniweka mbele, nikajua amekosea, nikanyamaza. Andikeni hivyo."

Mtahini wa nje akaandika kwa muda, akataka maneno hayo yaletwe kwa barua iliyotiwa sahihi, kisha akaniuliza maswali mengine tisa, yote ya mbuzi, na yote niliyajibu. Walinitoa nje, wakaniita tena. Nimepita, na masahihisho madogo. Mwenyekiti akasimama akanipa mkono, "Hongera, Daktari."

Nilimfikia Prof koridoni. Nilimpenda yule mzee na nilitaka kumpiga na kile kitabu.

"Prof, miaka mitatu! Ulijua, ukaniacha nikapoteza miezi yangu?"

"Nilikuwa nakuambia kesho," akasema. "Kila siku kesho. Lakini mtu akikuweka mbele, daktari... ungekuwa wewe, ungesema?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningesema siku ileile. Sikusema. Alikuwa ameniita daktari, na nilikuwa nangoja aniite tena.