Maneno Yaliyokatwa na Umeme

Mtu aliyeniibia kazi yangu sikuwahi kuonana naye uso kwa uso. Nilijua sauti yake tu, sauti nzito ya mtu aliyeshiba, ikitoka Lubumbashi kila Jumatatu asubuhi katika mkutano wa simu. Tulikuwa watafsiri watatu, mimi Kalemie, mwenzetu mwingine Kolwezi, na yeye akiwa msimamizi wetu. Tulitoa maneno ya Kifaransa tukayaweka katika Kiswahili cha kwetu: matangazo kwa watu waliokimbia vita, habari za maji, chanjo, watoto waliopotea njiani. Mkubwa wetu wa kazi alikuwa bibi mmoja wa Ulaya. Tulimwita Madame. Aliwahi kuishi Bujumbura, na Kiswahili alikisoma vizuri kuliko alivyokisema.

Wakati huo vita vilikuwa kaskazini, lakini Kalemie tuliviona kila siku bandarini. Maboti yalishusha watu na magodoro, masufuria na mbuzi. Bei ya mafuta ilipanda kila wiki. Umeme ulikuja siku mbili, ukaenda siku nne. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa aliyeacha chaki, nikiishi na yaya yangu, dada yangu mkubwa, katika nyumba aliyotuachia baba, nyumba ya wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, yenye kuta nene na dirisha moja tu linaloshika mtandao. Chini ya dirisha hilo ndipo ilipokuwa biro yangu, meza ya kazi.

Kompyuta yangu ilikuwa ya zamani, na batri yake ya ndani ilikwisha kufa. Umeme ukikatika, nayo inazimika papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ninayotaka kuisimulia kwanza. Nilikuwa naandika kitabu kidogo cha usafi, moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtandaoni ambao msimamizi alikuwa ametufungulia. Nilikuwa nimemaliza karibu chote. Niliandika: "Kabla ya kula, nawa mikono kwa sabuni na ma", na giza likaingia kwenye kioo. Sikuwahi kufika kwenye "maji".

Nilimpigia msimamizi. "Papa, moto imeenda, umeme hakuna. Kesho nitamaliza, imebaki kidogo tu."

"Kila siku moto, kila siku réseau, mtandao hakuna," akasema. Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. "Kazi haiwezi kungojea Kalemie, Mama. Acha. Nitamaliza mwenyewe."

Umeme ulirudi siku ya tatu. Nilipojaribu kufungua ule ukurasa, nikakuta mlango umefungwa: huna ruhusa. Baada ya wiki mbili kitabu kikatumwa kwetu sote, kizuri, chenye picha, na jina moja tu la mtafsiri, jina lake. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa. Kila neno lilikuwa langu. Na mwisho kabisa, katika ukurasa wa sita, herufi kwa herufi: "Kabla ya kula, nawa mikono kwa sabuni na ma". Hakukisoma hata mara moja. Alifuta jina langu, akaandika lake, akalala.

Nilimwandikia Madame. Alijibu kwa upole kwamba msimamizi alikwisha kumweleza: Kalemie hakutuma kitu, yeye msimamizi alikesha akaandika mwenyewe. Je, nilikuwa na nakala yangu? Sikuwa nayo. Kila kitu kilikuwa kule mtandaoni, nyuma ya mlango aliofunga. Nikawekwa kwenye akiba, niitwe wakati wa lazima tu.

Yaya yangu alisema nimwachie Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi wakati wa vita, hii nitamsaidia.

Niliuza cherehani yangu. Nikanunua batri kubwa, ya namna ya gari lakini ya jua, iliyovushwa kutoka Kigoma, na sahani ndogo ya jua ya kuweka juu ya bati. Fundi aliyenifungia alikuwa mzee wa maneno machache. Alipomaliza alinionyesha kisanduku chenye taa kinachopima nguvu ya batri.

"Usiishushe kupita nusu," akasema. "Ukiishusha mpaka chini kila siku, mwaka hauishi itakuwa imekufa."

"Na hii mashine ya kugeuza umeme?"

"Iache. Inakula nguvu bure. Kompyuta ilishe moja kwa moja kutoka batri, na waya ya namna ya wale wanaochajia ndani ya gari."

Nilifuata yote. Hata ile batri ya ndani ya kompyuta niliibadilisha, nikaweka mpya. Nilipunguza mwanga wa kioo mpaka macho yakazoea. Nilizuia kompyuta isijipakulie mambo yake yenyewe, maana ilikuwa inakula mega zangu zote za mtandao nikiwa napika. Niliandika bila mtandao, ndani ya kompyuta, na kila jioni niliweka nakala yenye tarehe kwenye flash disk niliyofunga kwenye ncha ya kitenge changu. Mtandao niliutafuta alfajiri, watu wengine wangali wamelala, nitume na kupokea kisha nizime. Na nilinunua kadi ya simu ya kampuni ya pili, ambayo mnara wake unatumia jua. Ilikuwa polepole kama konokono. Nikaiwekea mega na sikuzigusa. Kila zilipokaribia kuisha muda nilinunua nyingine.

Miezi mitano nilijifunza kutoanguka. Yaya aliniuliza ninajitayarishia nini, kazi yenyewe hakuna. Nilimwambia ataona.

Kisha kipindupindu kikaingia katika kambi za waliokimbia, pale karibu na mji wetu. Msimamizi akanipigia. Kurasa ishirini na nne, siku nne. Mwenzetu wa Kolwezi alikuwa mgonjwa.

"Tuma kwangu peke yangu," akasema. "Mimi mwenyewe njo nitapeleka kwa Madame. Alhamisi, saa tisa isipite."

"Ndiyo, Papa."

Mji haukuwa na umeme siku zote nne. Nilifanya kazi kwa batri, nikaangalia kile kisanduku, nikalala kiliponiambia nusu. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika. Halafu nikatengeneza nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa sawa na ya kwanza, ila ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya maelezo ya kuchemsha maji, niliongeza mstari: "Anayetuma andiko hili hajalisoma. Limeandikwa Kalemie, na mwanamuke aliyesemwa kwamba hayuko."

Mpango wangu ulikuwa huu: nimtumie yeye nakala yenye mtego, nimwache aipeleke, kisha baada ya robo saa nimtumie Madame nakala safi pamoja na zile zote zenye tarehe. Niliupanga kwa furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu vita vianze. Nisiseme uongo.

Alhamisi saa nane na nusu nilituma. Akajibu: amepokea. Dakika kumi tu, akaandika kwenye kikundi chetu cha simu: "Madame, kazi imefika kwako. Nimekesha siku nne nikiandika." Madame akajibu: "Asante sana. Inaingia kwa mchapaji saa kumi na moja."

Nilicheka peke yangu. Nikafungua barua yangu ya pili, nikabonyeza kutuma, na alama ya mtandao ikafutika.

Nilingoja. Nikazima simu, nikawasha. Mama jirani akapaza sauti juu ya ukuta: "Kwako réseau iko? Wanasema mnara umeisha mafuta!"

Ndipo nilipoona nilichofanya. Nakala yenye mtego ilikuwa mbele, na iliyo safi ilikuwa mikononi mwangu. Ikipita saa kumi na moja, karatasi elfu na elfu zingechapwa, na watu wenye wagonjwa mgongoni wangesoma ugomvi wangu pale walipotafuta dawa ya maji. Kikundini Madame alitumia nambari ya ofisi isiyopokea simu, na kuandika kule kungekuwa kumwamsha msimamizi. Nilibaki na anwani yake ya barua tu.

Nikaingiza kadi ya pili. Ikaonyesha mstari mmoja wa mtandao. Kitabu chenye picha kilikuwa kizito. Kikapanda mpaka robo, kikaanguka. Mara ya pili vilevile. Nikatoa picha zote, nikabakiza maneno matupu, faili jepesi kama unyoya. Likakataa nalo. Nikafunga kompyuta ndani ya kitenge, nikasimamisha pikipiki ya kukodi, nikamwambia dereva anipandishe kilimani, kwenye nyumba za zamani za wakubwa wa reli, ambako mnara ule wa jua unaonekana.

Njiani simu ilibaki na nguvu kidogo sana. Kule juu nilikaa kwenye ngazi za nyumba isiyo na mtu, nikaifunga simu kwa waya ili ipate nguvu ya kompyuta. Jaribio la kwanza, hapana. La pili, hapana. Niliogopa, lakini bado chini ya hofu ile nilimchukia. Saa kumi na dakika arobaini ikaandika: imetumwa. Nilikuwa nimeweka maneno safi, maelezo ya ukurasa wa kumi na tisa, na nakala tatu zenye tarehe. Zilizobaki nilisema zipo, aziulize.

Sikuondoka. Nilibaki nikitazama kikundi. Baada ya robo saa Madame akaandika: "Chapa imesimama. Chef, ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa nane, nieleze maana yake."

Msimamizi alijibu haraka, kama mtu asiye na shida: "Ni namna watu wa ziwani wanavyosema, Madame. Niliwatungia wao."

Kisha Madame akaubandika mstari wenyewe, wote, mbele yetu sote.

Msimamizi alinipigia kwa njia ya mtandao nikiwa bado kwenye ngazi. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mama, tuongee kama ndugu. Niko na watoto. Mwambie tulifanya pamoja."

Nilimsikia vizuri mno, mpaka pumzi yake. "Papa," nikasema, "réseau ya huku ni mubaya. Sikusikii."

"Mama, tafazali..."

"Halo? Halo?" Nikakata. Akapiga mara nne. Nikaiangalia simu ikitikisika juu ya jiwe kama samaki aliyetolewa majini, na sikuishika.

Aliondolewa wiki ile. Karatasi zilichapwa Ijumaa, na jina langu lilikuwa chini, herufi ndogo. Nilifanya kazi mahali pake mwaka mmoja, mpaka mradi wenyewe ukafungwa. Nilisikia baadaye kwamba anafundisha shule ya msingi, na kwamba husema mwanamke mmoja wa Kalemie alimroga. Sikukanusha.

Nilipomsimulia yaya yangu yote, hakucheka. Alikuwa anachambua ndagala, vidagaa vya ziwani, kwenye sinia. "Wale watu wa kambini," akaniuliza, "walikukosea nini wewe, mpaka maji yao yapitie kwenye hasira yako?"

Nilivuta sinia, nikachambua naye. Usiku mwingi nimelitafuta jibu lake. Lakini nikiulizwa kama ningemsamehe yule mtu, jibu ninalo: hapana. Ningemtegea tena, mstari uleule, ukurasa uleule. Ila ningetanguliza ile nakala safi.