Mara Saba, Kisha Inapumua

Mtaa mzima ulimwita Kiberiti. Mwembamba alikuwa, ni kweli, lakini jina hilo alilipata kwa jinsi alivyowaka haraka. Ukimletea redio mbovu, kabla hujamaliza kueleza amekwisha kukuambia ugonjwa wake, na bisibisi iko mkononi. Mara nyingi alipatia. Ndiyo maana wateja walimvumilia, na ndiyo maana mke wake alimpenda, maana hata posa aliipeleka mbio mbio hivyo hivyo.

Aliyekuwa hajapendezwa na mbio hizo ni mama mkwe. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa kutulia na kutazama, na tangu harusi alikuwa hajamsemesha mkwewe moja kwa moja. Hakumtukana, hakumnunia. Alimpitishia tu maneno kwa binti yake, kama vile Kiberiti yuko ng'ambo ya mto.

Jumapili moja asubuhi simu ikalia. Televisheni ya mama haiwaki.

Walipofika, walimkuta shemeji, kaka mkubwa wa mke wake, amesimama mbele ya televisheni ameshika kiuno. Alikuwa ameshaipiga makofi mgongoni mara kadhaa, na alikuwa tayari kuipiga tena.

"Hii imekufa," shemeji alisema. "Nimesema tununue mpya, Mama hataki kusikia."

"Mwambie mumeo," mama alimwambia binti yake, akiwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, "kwamba sitaki mpya. Hii nimeizoea."

"Amesema hataki mpya," mke alisema.

"Nimesikia, mke wangu. Tuko chumba kimoja," Kiberiti alijibu, akabonyeza kitufe.

*Tak!* Ndani ya televisheni kitu kiligonga. Kioo kikabaki cheusi. Baada ya kitambo, *tak* nyingine, kisha ile taa nyekundu ya chini ikaanza kupepesa kama mtu anayekukonyeza sokoni.

"Hiyo tak ni rilei, ni swichi inayojifunga yenyewe," Kiberiti alieleza huku akitafuta bisibisi. "Televisheni inajaribu kuamka, inaona kuna hitilafu, inajizima ili isijiunguze. Halafu taa inatuambia ugonjwa kwa idadi ya kupepesa. Kila mtengenezaji ana hesabu zake, na za hii ninazo kwenye simu."

"Kumbe inaongea!" shemeji alisema, akasogea. "Moja, mbili… yule jirani yangu, yake ilikuwa hivi hivi, wakamwambia…"

"Shemeji, ngoja nihesabu."

"Nahesabu na mimi. Tatu, nne. Au ile ilikuwa ya tano?"

"Tano," Kiberiti alisema, akageukia simu yake. "Tano ni taa za nyuma ya kioo. Basi, tumeshaujua."

Akachomoa waya ukutani, akailaza televisheni kifudifudi juu ya blanketi na kufungua mfuniko wa nyuma. Akangoja kidogo, kisha akaipima kapasita kubwa, kikopo kinachohifadhi umeme, kuhakikisha haina umeme uliobaki, kwa maana hiyo huweza kukurusha hata waya ukiwa umechomolewa. Kisha akaiangalia bodi ya pawa, ile inayogawa umeme. Kapasita zote zilikuwa na vichwa bapa, hakuna iliyovimba, hakuna iliyovuja. Akachomeka waya, akapima umeme wa stendibai, ule wa televisheni ikiwa imelala: volti tano kamili. Kwake hiyo ilitosha, akachomoa tena.

"Bodi ni nzima," akatangaza. "Sasa tunatoa kioo."

Mke wake akashtuka. Alishamwona akitoa kioo karakanani, na alijua kilivyo chembamba. Kidole kikikandamiza pasipotakiwa, kioo kinapasuka, na hapo hata fundi wa mafundi hana la kufanya. Shemeji akaanza kukunja mikono ya shati ili asaidie. Kiberiti alipouona msaada huo unakuja, jasho likamtoka.

"Wewe baba."

Mke alimtazama mama yake, kisha mumewe, asijue apitishe ujumbe gani.

"Nakusemesha wewe," mama alisema. "Umehesabu vibaya."

Kiberiti akabaki na bisibisi hewani. "Vibaya vipi, Mama?"

"Ulianza kuhesabu katikati. Na huyu kaka mtu alikuwa anapiga domo. Mimi nimekaa na taa hiyo tangu jana jioni. Inapepesa mara saba, kisha inapumua. Mara saba tena, inapumua tena."

"Mama, ni taa tu, huenda…"

"Miaka yangu yote nimehesabu mapigo ya moyo ya watoto ambao hawajazaliwa, nyumba imejaa mashangazi wanaopiga kelele. Unadhani taa itanishinda?"

Shemeji akacheka hadi akakaa chini. Kiberiti alitaka kubisha. Neno lilishafika mdomoni. Akalimeza. Akaisimamisha televisheni, akachomeka, akabonyeza. *Tak*. Safari hii akangoja taa itulie kwanza, kisha akahesabu kimya kimya, mama akihesabu kwa kidole gotini. Saba. Kimya kirefu. Saba. Wakarudia mara ya tatu, ikawa saba.

Akaitazama simu, uso ukimchemka. Saba ilikuwa umeme hafifu kutoka bodi ya pawa. Taa za kioo hazikuwa na kosa lolote. Kidogo tu angefungua kioo kizima cha mama mkwe, mbele ya mama mkwe, bila sababu.

"Asante, Mama," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Fanya kazi."

Akaifanya, polepole kuliko siku zote. Aliweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye njia ya volti kumi na mbili, akamwomba mkewe abonyeze. Rilei ikagonga, umeme ukapanda, ukafika kama tisa, ukatetemeka, ukaporomoka. Ile tano ya stendibai ilikuwa imemdanganya, kwani stendibai haibebi mzigo wa televisheni nzima. Akachomoa, akangoja, akapima kama kuna shoti upande wa bodi kuu. Hakuna. Basi akazing'oa kapasita mbili zilizokaa jirani na bamba la kupoza joto. Ya kwanza iliandikwa uwezo wa elfu moja. Mita ikasoma mia mbili na kitu. Kichwa bapa, ndani imekauka.

"Kwa nje nzima, ndani hoi," shemeji alisema. "Kama mimi Jumatatu."

Kiberiti akatoa mbili mpya kwenye mkoba, za kiwango kile kile, zinazostahimili joto, akaangalia upande wa hasi mara mbili kabla ya kuyeyusha risasi ya kuunganishia. Mama alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yake, miwani puani, akitazama moshi mwembamba ukipanda. Kisha Kiberiti akachomeka waya, akabonyeza.

*Tak*. Taa nyekundu ikazima, kioo kikawaka, na mwanamke fulani wa kwenye mchezo wa kuigiza akaanza kulia kwa sauti kubwa katikati ya sebule.

"Huyo!" mama alipaza sauti. "Nilijua tu ataachwa. Wewe mwanangu, kaa hapa, nikueleze alikotoka."

Kiberiti alikaa, na akaelezwa mpaka chakula kikapoa.

Siku hizi, mara kwa mara, mama huenda karakanani baada ya mchezo wake kwisha, akapewa stuli karibu na mlango. Wateja wapya humdhania ni mteja mwenzao. Juzi kijana mmoja aliingia na televisheni kwapani, akaanza kueleza kwa pupa kwamba inagonga, haiwaki, inapepesa mara nne, au sita hivi.

"Iweke mezani, mjukuu wangu," mama alimwambia, huku akivaa miwani. "Na ufunge mdomo kidogo."