Siku Nilipomsifu Mhazini kwa Neno Baya

Katika maisha yangu nimesali sana, lakini sala fupi kuliko zote niliisali nimesimama mbele ya wazazi wa shule yetu, huko Mulekera mjini Beni, huku wakinizomea kama mwizi wa mbuzi. Nilimwomba Mungu anirudishie neno moja lililokuwa limeshatoka mdomoni. Hakunirudishia, na leo namshukuru.

Ulikuwa wakati wa vita. Serikali ilikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa mapigano, na mishahara ya walimu ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Waasi waliotutawala walikuwa na bunduki za kutosha, ila chaki hawakuwa nayo. Kwa hiyo walimu walilishwa na wazazi: kila mwezi kila mzazi alitoa fedha tuliyoiita prime. Prime ikipatikana, walimu hufundisha. Ikikosekana, huchukua majembe.

Mimi nilikuwa rais wa kamati ya wazazi. Walinichagua kwa mvi zangu na kwa miaka niliyofundisha katekisimu, wakidhani mtu anayejua amri kumi hawezi kupotea katika hesabu. Mwaka wangu wa kwanza uliwaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Mhazini wetu wa wakati ule, mfanyabiashara mwenye maneno matamu, alikwenda Butembo na sanduku la shule ili abadilishe shilingi za Uganda kuwa dola. Alirudi mikono mitupu. Alisema wanajeshi walimpora kwenye bariere, kizuizi cha barabarani. Huenda ilikuwa kweli, maana bariere zilikuwa nyingi kuliko madaraja. Shida ni kwamba hakuna aliyejua sanduku lilikuwa na kiasi gani, hata yeye mwenyewe. Risiti hakutoa, aliandika kichwani. Wazazi wakaacha kulipa, walimu wakaenda kulima, na watoto wetu wakashinda barabarani wakihesabu pikipiki. Mtaani ukazaliwa msemo: mtu akimaliza sahani ya bukari, ugali wetu, peke yake, wenzake wanamwambia, "Wee, umesafisha sanduku!"

Tulipotafuta mhazini mpya, wanaume wote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi. Akabaki mama mmoja, muuza mafuta ya mawese sokoni, Mprotestanti katika shule ya Wakatoliki. Nilipomwendea alicheka mpaka akaweka funeli chini.

"Muzee, Bakatoliki bote beko wapi?"

"Wanaogopa, mama."

"Na mimi unaona siogope? Nitakubali. Mais," akaongeza, yaani lakini, "hapana kuja kunililia kisha."

Sikuelewa onyo lile mpaka wiki iliyofuata. Alinunua karatasi ya kaboni na vitabu vya risiti vyenye namba. Mzazi akilipa, risiti ya juu ni yake, nakala inabaki kitabuni, na kiasi kinaandikwa siku ileile kwenye kitabu cha sanduku. Sanduku likawekwa makufuli mawili: ufunguo mmoja kwake, wa pili kwa directeur, mkuu wa shule, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Fedha haikutoka bila bon ya kutokea, hati ya malipo yenye sahihi yangu na ya directeur, na aliyeipokea naye alitia sahihi. Kila Ijumaa walihesabu pamoja, wakalinganisha sanduku na kitabu, wakapiga mstari chini na kusaini. Na kwa sababu sanduku zito huita wanajeshi, prime iligawanywa kila wiki mbili, hata kidogo kidogo, isilale.

Siku moja nilimwomba fedha ya chaki nikiwa njiani kwenda misa.

"Bon iko wapi, Papa Président?"

"Nitaileta baada ya misa."

"Basi chaki nayo itakuja kisha ya misa."

"Mama, huniamini mimi? Katekista?"

"Ata ule mutume mwenye kushika mufuko, benzake balimwamini," alinijibu, akiendelea kumimina mafuta.

Nilikwenda misa nikiwa nimeudhika, na nilipofika kwenye sala ya kusamehe wengine nilisitasita kidogo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwamba watu walilipa kwa kila kitu. Wengine kwa shilingi za Uganda, wengine kwa dola, wengine kwa faranga za Kongo. Kila aina ya fedha aliipa ukurasa wake, na alipobadilisha aliandika bei ya siku na jina la aliyeshuhudia. Waliokosa fedha walileta maharagwe. Yalipimwa mbele ya wazazi wawili, yakapewa bei ya soko ya siku ile, yakagawiwa walimu kama sehemu ya prime. Yaliyoliwa na wadudu aliyaandika kama hasara, na mashahidi wakasaini kwamba wadudu walionekana.

Kisha akaja kuku. Baba mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mutwanga, ambaye hakuokoa kitu isipokuwa watoto na kuku huyo, alimleta kama malipo. Kabla ya siku ya soko kuku akataga. Kamati ikakaa kujadili yai ni la nani. Directeur alisema ni la shule. Mimi nilisema ni la Mungu, nikitumaini litapitia kwangu. Mama aliandika: "Imeingia: yai moja, kutoka kwa kuku wa risiti hii," akaliuza, akatia fedha sandukuni.

Ndivyo tulivyofika mwisho wa mwaka wa shule. Wazazi walikuwa wamelipa kwa kujaribu tu, jicho moja wazi. Walimu nao walikuwa wametuambia waziwazi: mkutano mkuu usipokubali prime ya mwaka ujao, wanakwenda kutafuta shule Butembo. Kama wangeondoka, shule ingefungwa. Kila kitu kilitegemea kama wazazi wataamini hesabu za mama huyu.

Nilifanya werevu mmoja. Wazazi walipotakiwa kuchagua mkaguzi wa hesabu kabla ya mkutano huo, nililipendekeza jina la seremala aliyetutukana kuliko wote, ambaye alikuwa ameapa sokoni kwamba kamati yote ni panya wa familia moja. Alifurahi kama mtu aliyepewa rungu. Alikagua kila nakala ya risiti. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaomba watu risiti zao azilinganishe na kitabu. Alimtafuta hata mnunuzi wa yai.

Siku ya mkutano tulijaa katika darasa la sita, wengine wakisikiliza madirishani. Seremala alisoma ripoti yake kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Vilivyoingia, vilivyotoka, kilichobaki. Bon zote zipo. Risiti zote zinafuatana.

"Nilitafuta," alimaliza. "Nilitafuta sana. Sikuona kitu."

Watu wa nyuma hawakusikia vizuri zaidi ya hayo maneno ya mwisho. Nami, kwa furaha, nikaruka kusimama kabla directeur hajaeleza. Nilikuwa nimeandaa pongezi tangu asubuhi. Nilitaka kusema kwamba hesabu ni safi. Lakini mdomo wa mzee una njia zake.

"Wazazi wapenzi," nilisema kwa sauti ya mimbari, "tumshukuru Mungu kwa mama huyu! Mwaka huu wote, peke yake, amesafisha sanduku letu!"

Darasa likalipuka.

"Yee! Tena?"

"Na muzee anafurahi! Balikula pamoja!"

"Hapana!" nilipiga kelele. "Mi nasema ni safi! Ndani kabisa! Hata vumbi hamna!"

Nadhani vumbi ndilo lililowamaliza. Mama mmoja alipanda juu ya benchi akidai kuku, ingawa kuku hakuwa wake. Walimu, waliokuwa wamesimama ukutani, walianza kutazama mlango. Nilimwona mwalimu wa darasa la kwanza akiokota kofia yake.

Hapo ndipo niliposali.

Mhazini hakuwa amesogea. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, nami nikadhani analia. Alipokiondoa niliona alikuwa anakufa kwa kicheko.

"Bazazi," alisema, "mungojee. Muzee huyu anajua kubatiza, hajui kusifu. Papa Directeur, leta ufunguo yako."

Sanduku likawekwa mezani. Makufuli yakafunguliwa, kila mmoja na ufunguo wake. Mama akamwambia seremala asome tena salio la kila ukurasa, pole pole, kisha akanigeukia.

"Wewe mwenye kusafisha, njo uhesabu. Kwa sauti."

Nilihesabu. Dola kwanza, kisha shilingi, kisha faranga, noti zile zilizochakaa kama majani ya migomba. Nilipokosea darasa zima lilinisahihisha, na walimu kwa sauti kuliko wengine. Kila ukurasa ulipokubaliana na fedha za mezani, kelele zilipungua. Mwishoni, noti ya mwisho ilipolala juu ya nyingine, mtu mmoja dirishani alisema tu, "Iko yote," na watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha hata madirisha yalitikisika. Nami nilicheka, maana sikuwa na pa kujificha.

Secrétaire wetu, kijana aliyeandika kumbukumbu za mkutano, aliinua mkono. "Kwenye procès-verbal niandikeje? Papa Président alisema 'amesafisha'."

"Futa ile!" walipiga kelele.

Basi pongezi ikatafutiwa neno upya. Directeur alipendekeza Kifaransa kirefu, kikakataliwa kwa sababu mwaka uliopita nacho kilitumika kwa mhazini yule wa kwanza. Mimi nilikatazwa kupendekeza. Aliyelipata ni seremala, akiangalia chini kama mtu anayelipa deni.

"Andika: hesabu ya huyu mama inasomeka. Mutu yeyote akitaka, asome."

"Wasingya," alisema mama kwa Kinande, ndiyo asante yetu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anacheka.

Kura ya prime ilipoitwa, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa yule baba wa Mutwanga. Ikapanda mingine mpaka secrétaire akaacha kuhesabu iliyoinuliwa na kuuliza nani anakataa. Hakuna aliyekataa. Mwalimu wa darasa la kwanza alivaa kofia yake, akatambua kwamba yumo ndani ya darasa, akaivua.

Tulipotoka nilimkaribia mhazini nimpongeze tena, faraghani, kwa maneno niliyoyachagua vizuri. Alinizuia kwa mkono.

"Aksanti, Muzee. Mais mara ingine, pongezi yako uandike kwanza. Directeur aitie sahihi. Kisha njo useme."

Seremala alikuwa nyuma yangu amekwisha kutoa fedha yake ya mwezi wa kwanza, kabla hata ya likizo kuanza. Mama alirudi mezani, akapachika kaboni, akaanza kuandika.