Konfli Moja Tu

Yaya, dada yangu mkubwa anayefanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Kasuku, alinifundisha kujibu maswali ya kuomba kazi kwa vidole vitatu. Kidole cha kwanza: hali, nini kilitokea, na iwe fupi. Cha pili: kitendo, wewe mwenyewe ulifanya nini. Cha tatu: matokeo.

"Watakuuliza juu ya konfli, ugomvi wako na mwenzako wa kazi," alisema. "Wote wanauliza. Na kwenye kidole cha pili usiniletee 'sisi, sisi'. Sema 'mimi'."

Mimi kusema "mimi" mbele ya watu! Hata darasani naitika "niko" kwa sauti ndogo mpaka mwalimu ananiandika sipo. Lakini niliitaka sana ile nafasi ya staji, mafunzo ya kazi wakati wa likizo, katika redio ya mtaa. Nafasi ilikuwa moja, nasi tulikuwa tisa.

Mama alisikia neno konfli akaacha kutwanga majani ya sombe.

"Konfli? Mutoto wangu, usikubali! Wakati wa vita, pale kwenye bariere ya askari barabarani, walikuwa wanatuuliza: uko na konfli na nani? Ukitaja muntu, unalala pale pale. Mimi nilikuwa na umri wako. Nilijibu: sina konfli hata na kuku. Nikapita."

"Mama, hii ni redio," yaya alisema.

"Bariere njo bariere, hata ya redio."

Asubuhi ya mtihani wa mdomo pale redioni nilikaa kwenye benchi na wenzangu, nikagundua kwamba kila mmoja ana mama kama wangu. Kijana wa kwanza alitoka anajipangusa jasho: "Nimewaambia mimi ni muntu wa amani." Wa pili: "Mimi nimeapa." Wa tatu alikuwa ameleta barua ya paroko kuthibitisha kwamba hajawahi kugombana.

Ndani walikaa mama mmoja wa miwani na baba mmoja mnene aliyeshika kalamu kama mtu aliyechoka kuishi.

"Tueleze siku uliyokuwa na konfli na mwenzako wa kazi," mama wa miwani alisema.

Kinywa kikajibu chenyewe: "Sina konfli hata na kuku."

Yule baba akaweka kalamu chini. "Huyu njo wa nane," alimwambia mwenzake. "Mji huu ni wa malaika watupu."

Nikaona staji yangu inatoka kwa dirisha. Nikaficha mkono chini ya meza, nikanyoosha kidole cha kwanza.

"Samahani, mama. Iko moja."

Nilianza na mvua ya siku ile ya konfli, na rangi ya bendera, mpaka nikakumbuka neno "fupi". Nikakata. Nikaeleza kwamba shuleni kwetu mimi naandika habari, na mwenzangu mmoja, msichana mwenye sauti kubwa, anazisoma kwenye mstari wa asubuhi. Siku ile prefe, mkuu wa shule, alikuwa amesafiri. Niliandika: "Prefe wetu ametuaga kwenda Kailo kwa semina." Mwenzangu akasoma kwa huzuni, "Prefe wetu ametuaga," akanyamaza. Karatasi ilikuwa imeishia pale. Kabla hajageuza, wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa chini, wanalia. Mlinzi alishusha bendera nusu. Saa nne prefe akapigiwa simu na mke wake, anamwuliza kama ni kweli amekufa.

Yule baba alikuwa amefunika uso kwa karatasi zake.

"Kisha?" mama wa miwani aliuliza.

"Kisha sisi..." Kidole cha pili kikanichoma. "Mimi. Yeye alisema naandika vibaya, mimi nikasema anasoma vibaya, tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu nilimfuata kwenye bomba la maji, akiwa peke yake, maana mbele ya watu siwezi. Nilimwuliza aliona nini kwenye karatasi. Akanionyesha. Nikaona kosa langu lilikuwa kubwa: nilikuwa nimekata sentensi katikati. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia kwamba tangu sasa kila sentensi nitaimaliza kwenye ukurasa wake, na yeye anisomee mara moja kabla ya mstari. Akakubali."

"Na matokeo?"

"Anasoma mpaka leo, na tunakula mikate pamoja. Tena, mama, tangu siku ile hakuna muntu mwingine aliyekufa katika habari zetu."

Baba alicheka mpaka kiti kikalia. Mama wa miwani alijikaza, akaandika kitu kirefu, kisha akaniuliza kama ningefanya vilevile leo. Nilisema hapana, ningemfuata siku ya kwanza. Zile siku mbili za kununa zilikuwa bure.

Walinitoa nje, wakamwita wa tisa, kisha wakanirudisha.

"Jumatatu saa mbili," mama wa miwani alisema. "Utaandika habari za mtaa. Pongezi, binti."

Nilitaka kusema asante. Nilisema, "Na nyinyi pia," nikakimbia.