Sahihi ya Pili kwenye Karatasi ya Dozi

Kwenye wodi ya watoto walimwita Sista Mara-Mbili, na mwenyewe aliitikia. Jina lilitokana na karatasi aliyoibuni miaka sita nyuma, akaisumbukia ofisi kwa ofisi mpaka ikakubaliwa. Juu unaandika umri wa mtoto na uzito wake kwa kilo, kama ulivyousoma kwenye mizani leo. Chini yake miligramu kwa kila kilo, kisha dozi nzima, kisha nguvu ya dawa iliyomo kwenye kichupa, na mwisho mililita za kuvuta kwa sindano. Hapo unaukunja upande wako, unampa mwenzako. Yeye anaisoma mizani kwa macho yake, anapiga hesabu upya bila kuiona yako, ndipo karatasi inakunjuliwa. Majibu yakitofautiana, dawa haitolewi.

"Ukimwonyesha jibu lako, umemwomba akubali tu," alikuwa akiwaambia wauguzi wapya. Wakacheka chinichini, lakini wakafuata.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, zamu ilikuwa na wauguzi wawili kwa watoto thelathini na wanane. Mwenzake alikuwa binti mchapakazi, mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa amepima watoto wawili mfululizo na kuandika uzito wao kiganjani kwa kalamu: kumi na sita wa mvulana wa miaka minne, na sita wa kichanga wa miezi saba. Yule kichanga akashikwa na degedege. Daktari akaagiza dawa ya kuituliza, miligramu ishirini kwa kila kilo, kisha akakimbilia wodi ya wazazi alikoitwa.

Sista Mara-Mbili alikuwa kitanda cha dirishani, akimtafutia mshipa mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Binti akamjia na karatasi, haijakunjwa.

"Dada, sahihi yako. Miligramu mia tatu na ishirini. Kichupa kina mia mbili kwa mililita, kwa hiyo moja nukta sita, halafu naizimua."

Alitazama. Ishirini mara kumi na sita, mia tatu na ishirini. Gawa kwa mia mbili, moja nukta sita. Hesabu ilikuwa safi kama maji ya kisima. Akaegemeza karatasi kwenye godoro, akatia sahihi kwa mkono ule ule uliokuwa na glavu, akarudi kwenye mshipa wake. Mizani hakuisoma. Mstari wa umri hakuutazama.

Kichanga wa kilo sita alitakiwa kupata mililita sifuri nukta sita.

Degedege ilikoma, mama yake akashukuru. Baada ya nusu saa hivi pumzi zikaanza kupungua, moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Mashine ya kupumulia haikuwapo. Walimpa hewa kwa mfuko wa mkono, wakipokezana, vidole vikafa ganzi. Daktari alirudi, akapiga simu hospitali kubwa, akaambiwa hakuna nafasi. Saa tisa alasiri moyo ulisimama.

Matroni aliwaita ofisini, akafunga mlango. Mezani ilikuwapo karatasi ile: miezi saba, kilo kumi na sita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka.

"Degedege inaua watoto kila wiki," alisema. "Hakuna atakayeuliza."

Binti alikuwa akisugua kiganja chake kwenye sketi. Wino haukutoka.

"Nitaulizwa na mimi mwenyewe," alisema Sista Mara-Mbili.

Alimkuta mama kwenye benchi la korido, kanga imekunjwa mapajani. Akakaa kando yake, akamweleza yote: uzito wa mtoto mwingine, dozi iliyokaribia mara tatu, na sahihi mbili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo wa pili kazi yake ni nini?"

"Kupiga hesabu peke yake, ili agundue kosa la wa kwanza."

"Naye alipiga?"

"Hakupiga. Ni mimi."

Mama hakulia wala hakumtukana. Alisogea, akaacha nafasi kati yao kwenye benchi, akageuka upande wa ukuta. Sista akangoja kidogo. Akaondoka.

Uchunguzi ulichukua miezi miwili. Binti aliacha kazi kabla haujaisha. Sista alipewa barua ya onyo, akarudishwa wodini, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Bango likabandikwa ukutani kuhimiza matumizi ya karatasi. Wauguzi waliongezwa kwenye ahadi tu.

Wiki ya kwanza baada ya kurudi, muuguzi mgeni alimletea karatasi, haijakunjwa.

"Ikunje," alisema Sista. "Nakwenda kusoma mizani."

"Dada, wanaongoja ni kumi na mmoja, na wawili wana homa kali."

"Najua."

Alikwenda kwenye mizani, akapiga hesabu, akakunjua, majibu yalilingana. Ilimchukua dakika nne. Aliponyanyua kichwa, yule mgeni alikuwa amekwisha kuwachoma sindano watoto wawili waliofuata, na kwenye karatasi zao nafasi ya sahihi ya pili ilikuwa tupu, ikimngoja. Akavuta kiti, akakaa, akazitazama.